Uzoefu wangu na loki ya kidole ya Android, siku simu ilipomgomea Bibi

Hii ni rivyu ya loki ya skrini ya Android, ile ya kidole yenye PIN nyuma yake, na naiandika kupitia simu ya Bibi yangu maana kwake ndio nimeona inavyolinda kweli na pia inavyoweza kumwacha mtu mzima kwenye mataa.

Bibi alikuwa anafungua simu kwa dole gumba tu, anagusa imefunguka, anaipenda mno hiyo. Usiku mmoja simu ikajiapdeti yenyewe, ikazima ikawaka, asubuhi anaweka gumba haitaki, inadai PIN. Mimi nilishtuka nilipompigia. Nikasema shikamoo Bibi, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza "nani mwenzangu?" wakati namba yangu kaisevu siku nyingi na sauti yangu huwa anaijua hata nikikohoa. Akaniambia simu haileti jina la mtu leo, inaleta namba tupu. Na WhatsApp meseji zangu za tangu usiku zote zilikuwa na tiki moja.

Hapo nikajua. Simu ya Android ikizima na kuwaka inakuwa bado imefunga vitu vyote vya mwenye simu kwa usimbaji mpaka PIN iwekwe mara ya kwanza. Simu zinaingia na unapokea, ila majina hayatokei kwa sababu orodha ya namba nayo iko ndani ya hicho kilichofungwa, na meseji za WhatsApp haziingii. Kwa hiyo ukimpigia mzee wako ghafla hakujui kwa jina na meseji zina tiki moja wakati simu inaita vizuri tu, muulize kwanza kama simu yake imefunguka leo.

Sasa swali ni kwamba alikuwa anaishije bila PIN siku zote hizo, maana hizi simu nyingi hata usipozizima zinadai PIN yenyewe kama yamepita masaa 72 hujaiweka, kidole peke yake hakitoshi. Nikamuuliza. "Mjukuu wangu, ikidai namba nilikuwa nampa yule kijana anaiweka." Kijana aliyekuwa anamsaidia pale nyumbani, ndiye aliyeiwasha simu siku ya kwanza akaweka PIN anayoijua yeye, na alishahama, namba yake haipatikani. Yaani Bibi hakuwa ameisahau PIN, hakuwahi kuwa nayo. Na sisemi kijana ana nia mbaya, alisaidia kwa moyo, lakini loki ambayo namba yake iko kwenye kichwa cha mtu mwingine inamfungia mwenye simu na kumfungulia asiye nayo, ndio hali halisi ilivyokuwa.

Nilipofika alikuwa ameshajaribu namba nyingi, mwaka wake wa kuzaliwa, mwaka wa mama, sifuri nne, simu ikamwambia subiri sekunde 30, akaendelea ikamwambia subiri zaidi. Nikamwambia Bibi tuache kwanza. PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko elfu kumi na kila ukikosea muda wa kusubiri unarefuka, kwa kubahatisha hufiki, na kuna simu zina setingi ya kujifuta zenyewe ukikosea mara nyingi, sasa ukiwa hujui kama imewashwa unacheza na picha zako zote.

Jirani akaleta fundi, fundi akasema anaitoa hiyo PIN bila kufuta kitu. Nilimkatalia kwa heshima, na naomba hapa mnisome vizuri. Kwenye simu za siku hizi PIN imechanganywa kwenye ufunguo wenyewe unaofungua mafaili, kidole ni hodi tu, PIN ndio ufunguo. Fundi akiiflashi simu loki inaondoka kweli lakini na picha zinaondoka nayo, haziwezi kubaki zikasomeka. Zile za zamani sana ulikuwa unakosea patani inakupa nafasi ya kuingia kwa akaunti ya Google, watu wengi bado wanakumbuka hiyo, ila ilishatolewa muda mrefu. Hata ile huduma ya Google ya kutafuta simu iliyopotea inaweza kuifunga au kuifuta kwa mbali, kuifungua haiwezi.

Basi ikabaki njia moja, kuifuta na kuanza upya. Na hapa ndio watu wanapoumia mara ya pili kwa sababu wanafuta kwanza halafu ndio wanaanza kufikiria akaunti. Simu ukiifuta kwa kushikilia batani ya kuwashia na ya sauti, ikishawaka inadai akaunti ya Google iliyokuwemo kabla au PIN ileile ya zamani, ni kinga dhidi ya wezi iliyokuja na Android 5.1 mwaka 2015. Huna vyote viwili, simu imekufa mkononi. Wazee wengi akaunti iliyomo sio yao, ni ya aliyewauzia au aliyewawashia simu. Kabla ya kugusa kitu nikamuomba Bibi daftari lake anapoandika namba za watu na kwa bahati ile Gmail ilikuwa imeandikwa mle, ina jina lake. Paswedi ndio haikuwepo.

Tukatumia simu yangu kwenda kwenye sehemu ya umesahau paswedi. Google ikasema inatuma kodi kwenye namba ya Bibi, na laini ya Bibi iko ndani ya simu iliyogoma! Simu ikiwa imefungwa hivyo meseji huwezi kuisoma, kwa hiyo nikatoa laini nikaichomeka kwenye simu yangu, kodi ikaingia, tukabadilisha paswedi, akaichagua mwenyewe nikamwambia aiandike kwenye daftari palepale. Halafu tukasubiri. Google wenyewe wanasema ukibadilisha paswedi usubiri masaa 24 ndio uifute simu, ukiharakisha inaweza kukataa akaunti yako mwenyewe, kwa hiyo simu ikalala mpaka kesho yake muda ulipopita.

Huku tunasubiri niliingia photos.google.com kwa akaunti yake kuangalia kama picha zimo. Zilikuwemo, za harusi ya shangazi, za wajukuu, karibu zote, maana bakapu ya picha ilikuwa imewashwa toka mwanzo. Ambazo hazikuwemo ni sauti. Bibi alikuwa anarekodi kwaya yao ikifanya mazoezi, zile zinakaa kwenye simu tu hazipandi kokote zenyewe, nikamwambia ukweli kabla hatujafuta kwamba zile zinaondoka. Alinyamaza, akasema futa. Iliniuma na bado inaniuma.

Nikaingia kwenye menyu ya rikavari nikachagua Wipe data/factory reset, ikawaka, ikadai akaunti, tukaweka, ikakubali. Namba za watu zikarudi kwa sababu alikuwa anazisevu kwenye akaunti na sio kwenye laini. WhatsApp ikatuma kodi, ikarudisha na machati.

Sasa njia mpya. PIN ya tarakimu sita, akaichagua Bibi, mimi nimegeuka naangalia dirishani. Nilimwambia tu isiwe mwaka wa mtu wala sehemu ya namba ya simu. Kidole hatukukiweka. Wiki nzima ya kwanza alifungua kwa PIN peke yake, kila mara, analalamika kweli lakini nilitaka vidole vyake viizoee, PIN inaingia mkononi kwa kuitumia, ukianza na kidole huitumii unaisahau. Baada ya hapo ndio tukaweka gumba, na gumba lilelile la kulia tukalisajili mara mbili maana ngozi ya mtu mzima imelika na inakuwa kavu, sensa inakosa mistari, ukilisajili mara mbili inalikamata vizuri zaidi, na tukaweka na la kushoto akikata au kuungua la kulia.

Halafu karatasi. Watu huandika PIN wakaichomeka ndani ya kava la simu, mwizi anachukua vyote pamoja. Wengine wanajitumia wenyewe WhatsApp, sasa simu ikifunga unaisomea wapi? Ya Bibi imeandikwa PIN, Gmail na paswedi, imetiwa kwenye bahasha pamoja na vyeti vyake anapopajua yeye na mama. Kwenye akaunti tukawasha na uthibitishaji wa hatua mbili, Google ikatupa kodi 10 za akiba, kila moja inatumika mara moja tu, nazo zimo kwenye bahasha, siku laini ikipotea anaingia kwa hizo. Namba yangu tumeiweka kama ya kurudishia akaunti, nilimuomba ruhusa na nikamwambia wazi maana yake nini, kwamba kodi zake zinaweza kuja kwangu, akakubali. PIN ya simu siijui na sitaki kuijua.

Kila Jumapili anaizima simu na kuiwasha. Ikidai PIN anaiweka, majina yanarudi, basi. Nimemweleza kwamba ikidai PIN haijaharibika wala hajakosea, ndio inavyotakiwa, asimpe mtu amwekee, hata fundi, hata mimi. Na ile programu ya kurekodia sauti tumekubaliana akimaliza mazoezi anazituma kwenye Google Drive, nimemwonyesha, anaweza.

Kwa loki yenyewe natoa nyota nne. Imekataa kufunguka kwa fundi, kwa jirani, kwangu, na hiyo ndio kazi yake. Nyota moja naizuia kwa sababu siku unapoweka kidole maelezo kwamba PIN bado ndio kila kitu yanapita haraka, mzee anayewashiwa simu na mtu mwingine hayaoni kabisa.

Kilichobaki wazi ni laini. Nilivyoitoa nikapokea kodi zake kwenye simu yangu, na mwizi anaweza vilevile. Dawa yake ni PIN ya laini, ambayo ukikosea mara tatu inadai PUK ya tarakimu nane, na PUK ukikosea mara kumi laini imekufa moja kwa moja. Nikamweleza Bibi, akasema namba mbili kwa sasa hapana, ngoja hii moja ikae kwanza. Sijamlazimisha. Tulichofanya ni kuandika kwenye ile bahasha namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wake, simu ikipotea mama anapiga hapo kwanza laini ifungwe, mengine yanafuata.