Uzoefu wangu: maua ya meza ya Idi katika joto la Malindi

Idi ul-Fitri iliangukia mwezi wa Machi, wakati kaskazi imekwisha na mvua za masika hazijafika. Niliagiza mabakuli mawili ya maua kwa muuzaji mmoja wa hapa Malindi, nikamweleza kwamba yatakaa barazani kuanzia Adhuhuri hadi wageni watakapoondoka Magharibi. La kwanza lilikuwa la helikonia na anthuriamu zilizozungushiwa majani ya krotoni, na la pili la waridi jekundu kutoka bara pamoja na kanesheni nyeupe.

Bakuli la kwanza sina neno nalo. Wekundu wa helikonia ni wa majani magumu yanayofunika maua madogo yaliyomo ndani, kwa hiyo hauchakai upesi kama petali laini. Ila yasitiwe frijini usiku wa kuamkia sikukuu, kwa maana maua ya nchi za joto huingia weusi kwa baridi.

Kilichonipendeza zaidi ni jinsi sponji ya kuchomekea maua ilivyoloweshwa. Mwenye duka aliiweka juu ya maji ndani ya karai, na kijana wake alipotaka kuikandamiza alimzuia: “Iache inywe yenyewe, mwanangu.” Ikikandamizwa hulowa nje tu, ndani ikabaki na hewa, na shina linaloishia hapo hukosa maji ingawa ukiigusa sponji unaiona imelowa. Vilevile aliacha upenyo pembeni mwa bakuli wa kuongezea maji, nami nikayaongeza mapema, kwani sponji ikishakauka hainywi tena vizuri.

Waridi ndilo lililonisikitisha. Kufikia saa tisa vichwa vilikuwa vimeinama shingoni ilhali petali bado mbichi, dalili kwamba maji hayapandi kwenye shina. Niliyachomoa, nikakata kiasi cha inchi moja kwa mshazari ncha zikiwa ndani ya maji ili hewa isiingie, kisha nikayalaza mazima katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa muda wa saa moja hivi. Mengi yaliinuka. Yaliyokataa ni yale ambayo ncha zake zilikuwa za kahawia na zenye utelezi, nami naamini yalikwisha kukaa kwenye maji machafu kabla ya kufika kwangu, na hilo muuzaji alipaswa kuliona.

Kanesheni nazo zilianza kujikunja, kwa kuwa zilipangwa karibu na sinia ya maembe na ndizi mbivu. Matunda yanayoiva hutoa gesi inayozeesha maua, na kanesheni huathirika upesi mno. Neno moja la tahadhari wakati wa kukabidhi lingetosha. (Feni niliielekeza pembeni, maana upepo wake hukausha petali.)

La helikonia nitaliagiza tena kwa Idi ya kuchinja. Waridi nitalichukua iwapo tu nitaruhusiwa kukagua ncha za mashina kabla ya kulipa.