Malipo sawa au yanayopanda na mshahara: kiwanja cha Tabora

Mwalimu anataka kiwanja chako, alipe kila mwisho wa mwaka kwa miaka 10: ama shilingi 1,200,000 bila kubadilika, ama aanze na 1,000,000 ikipanda asilimia 5 kila mwaka pamoja na mshahara wake.

Ukijumlisha tu, yanayopanda yanashinda: takribani milioni 12.58 dhidi ya 12. Lakini fedha ya mwaka wa kumi si ya leo. Thamani ya leo ya malipo yanayopanda ni:

PV = C/(r−g) × [1 − ((1+g)/(1+r))^n]

C ni malipo ya kwanza, n idadi ya miaka, g kasi ya kupanda, r faida ambayo fedha yako ingeleta kwingine. Kwa r ya asilimia 10, yanayopanda yana thamani ya milioni 7.44, yaliyo sawa 7.37. Kwa asilimia 15 mambo yanageuka: 5.97 dhidi ya 6.02. (r ikilingana na g, tumia nC/(1+r).)

Hatari kubwa ni g. Mshahara usipopanda kabisa, na mkataba unaufuata, kwa asilimia 10 unabaki na milioni 6.14 tu. Malipo sawa hayana hofu hiyo, na ni rahisi kuyafuatilia.

Mwenye duka anayezungusha mtaji haraka achukue yaliyo sawa. Anayeweza kungoja, akiandikiwa asilimia 5 kwenye mkataba, achukue yanayopanda.