Raba ya Mtumba Isiyokukaa Sawa: Ipi Uichukue, Ipi Uiache

Raba za mtumba hazipangwi kwa saizi. Pale Karume, Dar es Salaam, unaikuta pea moja tu. Wewe unavaa 40, nayo ni 40, lakini ukiijaribu kisigino kinachomoka, au mbele panabana, au kamba zinakukandamiza juu ya mguu. Tangu nianze kuuza viatu nimeona watu wakiacha raba nzima kwa kasoro ambayo kamba ingeimaliza, na wengine wakibeba raba isiyookolewa na kamba yoyote. Kasoro hizo nazipanga hapa kwa jinsi zinavyotibika.

Ya kwanza: kisigino kinachomoka. Hii inunue, mradi urefu wa kiatu uwe sawa. Tazama tundu la juu kabisa. Raba nyingi za kukimbilia zina tundu la ziada karibu na kifundo cha mguu, limesogea nyuma kidogo ya mstari wa mengine, na wengi huliacha wazi. Tundu hilo ndilo dawa.

Funga kwa kukatisha kama kawaida hadi tundu la pili kutoka juu. Sasa usikatishe. Kila ncha ipandishe upande wake uleule, uiingize kwenye tundu la juu kutoka nje kwenda ndani, lakini usiivute yote: bakiza kitanzi kidogo kwa nje. Kisha katisha ncha, ya kulia ipite ndani ya kitanzi cha kushoto, ya kushoto ndani ya kitanzi cha kulia. Kabla ya kukaza, gonga kisigino chini ili kirudi nyuma kabisa ya kiatu. Vuta ncha kuelekea chini, halafu funga fundo lako la kila siku. Wengi husahau kugonga kisigino, wakaukaza mguu ukiwa umesogea mbele, kisha wakasema njia haifai.

Panda ngazi chache. Kisigino kikicheza kidogo si neno, kikinyanyuka hadi soksi inasuguliwa, kaza tena. Kama kitambaa cha ndani nyuma kimeliwa hadi plastiki inaonekana, rudisha kiatu. Hapo kamba itakushika huku malengelenge yakiendelea.

Njia hii hula kamba. Raba ya jozi 7 za matundu yenye kamba ya sentimita 120 inaweza kukuachia masikio mafupi ya kufungia, kwa hiyo nunua ya 140. Chagua bapa, maana ile ya mviringo yenye utelezi hulegea yenyewe.

Ya pili: maumivu juu ya mguu. Hii nayo hutibika vizuri. Bonyeza kwa kidole upate mahali panapouma, kisha fumua kamba hadi matundu yaliyo chini yake. Badala ya kukatisha, pandisha kila ncha wima upande wake hadi tundu linalofuata, halafu endelea kukatisha. Hapo katikati panabaki dirisha, hakuna kamba inayopita juu ya mfupa. Kama bado panauma, toa soli ya ndani uvae tena. Maumivu yakiisha, ujue kiatu ni kifupi kwa kimo. Soli nyembamba zaidi inaweza kusaidia, dirisha peke yake halitoshi.

Ya mwisho: mguu mpana mbele. Hapa nakuomba uwe makini na pesa yako. Ukiacha wazi jozi ya kwanza ya matundu, upande wa vidole, ukaanza kufunga kwenye ya pili, kiatu hufunguka kidogo pale mbele. Lakini kamba haipanui soli. Toa soli ya ndani, iweke chini, usimame juu yake. Nyama ikimwagika pande zote mbili, iache raba hiyo hata kama bei ni ya kutupa. Ukijaribu viatu jioni utaona ukweli zaidi, mguu ukiwa umevimba.

Muuguzi mmoja alikuja na kasoro mbili pamoja. "Kaka, nyuma kinanivuka, na huku kidole kidogo kinawaka moto." Tulisimamisha mguu wake juu ya soli, ukazidi kidogo tu upande wa kidole kile, na kiatu kilikuwa cha kitambaa cha wavu kinachokubali kutanuka. Tukaacha jozi ya kwanza, tukakatisha kuanzia ya pili, tukamalizia na vitanzi juu. Kamba ileile ilitosha, kwa kuwa jozi iliyorukwa ilifidia vitanzi. Akarudi baada ya zamu mbili za usiku: kidole kimepona, kisigino kimetulia, ila mbele ya kifundo palikuwa na alama nyekundu na ganzi kidogo. Alikuwa amekaza juu kupita kiasi. Nikamlegezea mpaka kidole kimoja kikapita chini ya fundo, akatembea hadi mwisho wa safu ya meza na kurudi.