Uzoefu wangu: kusaka anwani sahihi ya kutuma nyaraka uni-assist, Berlin

Nimeomba shahada ya uzamili Ujerumani kutokea Dar es Salaam, na chuo nilichokiomba kilitaka nakala za karatasi zilizothibitishwa, pamoja na zile nilizokwisha kuzipakia mtandaoni. Kujaza fomu kulinichukua muda mfupi. Kilichonisumbua ni swali dogo: bahasha hii niiandike anwani gani? Naeleza hapa nilikotafuta, nilichokiamini na nilichokiacha, kwa sababu bahasha ya vyeti ikienda kusiko, tarehe ya mwisho haikusubiri.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba anwani niliyohitaji haikuwa ya chuo kabisa. Vyuo vya Ujerumani takribani 170 ni wanachama wa uni-assist, chombo kilichopo Berlin kinachokagua maombi ya watu wenye vyeti vya nje kabla ya kuyapeleka vyuoni. Chuo kikiwa mwanachama na kikasema maombi yapitie huko, basi karatasi nazo zinakwenda Berlin, hata kama chuo chenyewe kiko mji ulio mamia ya kilomita kutoka hapo. Ndiyo maana kwenye kurasa za baadhi ya vyuo utakuta anwani imeandikwa jina la chuo, halafu chini yake "c/o uni-assist e.V.", kisha Berlin. Mtu asiyezoea akiona jina la chuo juu, anaweza kudhani Berlin imewekwa kimakosa na kuibadilisha kwa mji wa chuo. Usibadilishe. Zile herufi c/o zinamwambia mtu wa posta kwamba barua ni ya chuo, ila ipokelewe na uni-assist.

Si kila chuo kinafuata njia hii. Vingine vinapokea maombi moja kwa moja, na chuo hichohicho kinaweza kupitishia uni-assist shahada ya kwanza huku uzamili kikiushughulikia chenyewe. Kwa hiyo ukurasa wa kusoma ni wa kozi yako, sehemu ya namna ya kuomba, wala si ukurasa wa mawasiliano wa chuo kizima.

Sasa vyanzo. Ramani ya mtandaoni ilinipa jengo la utawala la chuo, mahali pazuri pa kupiga picha siku ukifika, lakini si pa kutumia vyeti. Ukurasa uitwao Impressum, ambao sheria ya Ujerumani inazitaka tovuti kuwa nao na kiungo chake huwa chini kabisa, ni wa kweli na una anwani kamili yenye mtaa. Nauheshimu sana kwa kuhakiki kama tovuti ni halali. Tatizo ni kwamba unakupa anwani ya taasisi kisheria, na ofisi ya udahili inaweza kuwa jengo jingine. Wakala mmoja wa masomo ya nje aliniambia nimwachie vyeti halisi yeye atume "kwa watu wake". Sikumwachia, na sishauri mtu amwachie yeyote cheti cha Baraza la Mitihani bila kuona kwa maandishi kinakwenda wapi.

Chanzo kilichotaka kunipoteza kweli ni tovuti moja ya orodha ya vyuo. Ilikuwa na anwani safi, imepangwa vizuri, ina mtaa, namba ya jengo, postikodi na mji. Ilikuwa mbaya, na ubaya wake unafaa kuelezwa kwa utulivu kwa sababu unajirudia sehemu nyingi.

Ujerumani taasisi kubwa huwa na anwani mbili. Moja ni ya jengo, wanaiita Hausanschrift, yenye mtaa na namba. Nyingine ni ya barua, Postanschrift, ambayo inaweza kuwa sanduku la posta au postikodi maalumu ya taasisi hiyo peke yake, isiyo na mtaa wowote. Mfano ulio wazi ni chuo cha Aachen. Jengo lake kuu ni Templergraben 55, 52062 Aachen. Anwani yake ya barua ni RWTH Aachen, 52056 Aachen, basi. Ile 52056 haina mtaa kwa sababu haielekezi mtaa. Barua zote zenye namba hiyo zinakusanywa pamoja na kupelekwa chuoni. uni-assist nao wako hivyohivyo: anwani ya barua ni uni-assist e.V., 11507 Berlin, na anwani ya jengo ni Geneststraße 5, 10829 Berlin.

Ile tovuti ya orodha ilichukua mtaa wa anwani moja ikaupachika postikodi ya anwani ya pili. Kwa macho ya Mtanzania haionekani kama kosa, maana sisi tumezoea S.L.P. na jina la mji, na postikodi zetu bado wengi hatuziandiki. Lakini kuna njia rahisi ya kulikamata. Andika mtaa na mji peke yake kwenye ramani, bila postikodi, uone ramani inarudisha postikodi ipi. Geneststraße inarudisha 10829. Ukiona anwani yenye Geneststraße na 11507 pamoja, ujue aliyeiandika amechanganya mbili.

Tofauti hii ina uzito pale unapochagua msafirishaji. Posta ya kawaida, rejesta na barua zote za kawaida zinaifikia 11507 bila shida. Kampuni za vifurushi vya haraka zinahitaji mlango wa kugonga na mtu wa kusaini, kwa hiyo zinataka Geneststraße 5, 10829. Nilipofika kaunta ya kampuni moja ya aina hiyo mjini, nilikuwa na anwani zote mbili kwenye karatasi. Dada aliyenihudumia akaanza na ile fupi, mfumo ukamgomea. "Kaka, hapa panadai mtaa, bila mtaa haiendelei." Nikampa ya pili, ikapita. Kama ningekuwa na ile fupi peke yake, hapo ndipo mtu anaposhawishika kubuni mtaa ili mfumo ukubali.

Waliponiuliza namba ya simu ya mpokeaji, nilitoa ya mapokezi iliyoko kwenye tovuti ya uni-assist. Kwenye yaliyomo tuliandika nyaraka, zisizo na thamani ya kibiashara.

Kabla ya hapo nilikuwa nimewaandikia barua pepe, na hapa nina ushauri wa namna ya kuuliza. Ukiuliza "anwani yenu ni ipi", utatumiwa kiungo cha ukurasa wa mawasiliano. Mimi niliuliza hivi: nyaraka za karatasi za kozi fulani, chuo fulani, nizitume wapi kwa posta ya kawaida, na nizitume wapi nikitumia kampuni ya vifurushi vya haraka? Jibu lilikuja limegawanyika sehemu mbili, likalingana na nilichokuwa nimekipata. Hata ukiinakili anwani kutoka kwenye andiko hili, ifungue tovuti yao siku ya kutuma uilinganishe. Ofisi huhama.

Kuhusu kilichomo ndani ya bahasha, naomba msomaji anisikilize vizuri. Watu wengi wanatafuta anwani ili watume vyeti halisi, na uni-assist hawavitaki. Wanataka nakala zilizothibitishwa: fotokopi yenye muhuri halisi na sahihi ya mwenye mamlaka, na maneno kwamba nakala inalingana na cheti halisi. Fotokopi ya nakala iliyothibitishwa haikubaliki, hata iwe safi kiasi gani, kwa kuwa muhuri wake umekuwa picha tu. Cheti chenye kurasa kadhaa kinabanwa pamoja na muhuri unapigwa ukikatiza kurasa zote, ili isiwezekane kubadilisha ukurasa wa katikati. Mimi nilithibitishia ubalozi wa Ujerumani, pale Umoja House, kwa sababu sikutaka mjadala juu ya nani ana mamlaka. Ni kwa miadi na kuna ada, lakini unatoka ukiwa na amani. Karatasi ukishazituma uni-assist, usitegemee kurudishiwa. Hilo peke yake litoshe kukuzuia kuweka cheti cha kidato cha sita kwenye bahasha, kwani kukipoteza kunakuingiza kwenye safari ya polisi na tangazo la gazetini, na wakati huo dirisha la maombi linafungwa.

Ndani niliweka pia karatasi moja yenye jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya mwombaji niliyopewa na uni-assist, chuo, kozi na muhula. Namba hiyo niliiandika pia nje ya bahasha, kona ya chini, mbali na anwani. Upande wa pili wa bahasha kuna maelfu ya waombaji, na majina yetu yenye sehemu tatu yanaweza kupangwa kwa jina lolote kati ya hayo matatu. Namba haikosewi.

Nilituma mapema, na sababu ni kwamba Ujerumani kinachohesabiwa ni siku nyaraka zilipofika, si tarehe ya muhuri wa posta. Kwa kozi nyingi za muhula wa baridi mwisho ni tarehe 15 Julai, ila kozi za uzamili zina tarehe zake. Rafiki yangu aliyetumia EMS ya Posta alipewa namba ya ufuatiliaji inayoanza na herufi mbili, tarakimu tisa, na kumalizika TZ. Namba ya namna hiyo inasomeka hata kwenye tovuti ya posta ya Ujerumani, kwa hiyo bahasha ikishaingia nchini mwao ifuatilie huko.

Kisha kuna kipindi cha ukimya kinachotisha bure. Ufuatiliaji wangu ulionyesha bahasha imepokelewa na kusainiwa, lakini akaunti yangu ya My assist haikubadilika. Kusainiwa maana yake imeingia jengoni. Mpaka ifunguliwe na kuunganishwa na maombi yako ni hatua nyingine, na maombi yakishakamilika kukaguliwa kwake huchukua wiki kadhaa. Nilihifadhi risiti na picha ya ukurasa wa ufuatiliaji wenye tarehe, kama ushahidi iwapo wangeuliza. Hawakuuliza. Hali ya maombi ilibadilika yenyewe.

Kwa gharama, ombi la kwanza uni-assist ni euro 75, na kila ombi la ziada muhula huohuo ni euro 30. Bei ya kutuma bahasha kwa kampuni ya haraka iliniuma zaidi ya EMS, ila nililipia kwa hiari kwa vile tarehe yangu ilikuwa karibu. Ningekuwa na miezi mbele yangu ningetumia Posta, kwa anwani ile fupi ya 11507.

Vyeti halisi vyote viko nyumbani. Nikipata nafasi, nitasafiri navyo kwenye begi la mkononi, kwa sababu chuo kitataka kuviona kwa macho siku ya kujisajili.