Hatua kamili au kadi fupi ukutani? Mfano wa otoklevu

Chukua sentensi hii ya mwongozo wa maabara kuhusu otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wenye presha: "Baada ya dakika 15 kwa nyuzi 121, zima mashine na ufungue mlango, ukihakikisha presha imeshuka hadi sifuri." Fundi mpya anayesoma huku akitenda atakuwa ameshashika komeo kabla hajafika kwenye neno presha.

Katika hatua kamili, onyo hutangulia tendo:

1. Zima mashine.
2. Subiri geji isome 0. Isiposoma 0, usiguse mlango.
3. Kama ndani kuna vimiminika, subiri vipoe hadi chini ya nyuzi 80.
4. Vaa glovu za joto na kinga ya uso.
5. Simama pembeni, fungua mlango kidogo, acha mvuke utoke.

Kadi fupi huuliza tu: "Presha 0? Joto? Glovu?"

Kwa usalama wa mgeni, hatua kamili zinashinda, hasa kwa sababu ya ile ya 3. Chupa huonekana imetulia, kumbe kilichomo kina joto kupita kiwango cha kuchemka, ukiitikisa, kinafoka. Kadi haielezi hilo. Kwa kasi, kadi inashinda: mzoefu hasomi kurasa mbili kila asubuhi. Mashine ikibadilishwa, kadi huandikwa upya upesi, ilhali hatua kamili lazima zijaribiwe na mtu asiyeijua mashine hiyo.

Maabara inayopokea wanafunzi kila muhula ianze na hatua kamili. Penye mafundi walewale, kadi yatosha, mradi hatua kamili ziwe kwenye faili jirani.