Uzoefu wangu na chati za LibreOffice Calc: anza na swali, umbo litafuata

Ukibofya Insert > Chart ndani ya LibreOffice Calc, kitu cha kwanza unachoulizwa ni aina ya chati: Column, Bar, Pie, Line, XY (Scatter) na nyinginezo. Kwa mtumiaji mpya huo ndio mtego mkubwa wa programu hii, ingawa mimi naipenda na naitumia kwa kazi zangu zote za takwimu. Programu haijui unataka kujua nini. Nguzo ndizo zinazokuja zenyewe mwanzoni, na watu wengi hubofya Finish hapohapo. Nguzo hujibu swali moja vizuri, yaani nani amemzidi nani. Kama swali lako lilikuwa jingine, utapata picha safi isiyojibu ulichouliza.

Swali linaloumia zaidi ni la mtawanyiko: thamani zimekaa wapi, zimerundikana au zimesambaa, na je, kuna zilizojitenga? Chukua mfano huu wa dakika za kusubiri kwenye madirisha mawili ya huduma, watu 20 kila dirisha. Dirisha A lina 10 mara 2, 11 mara 4, 12 mara 8, 13 mara 4 na 14 mara 2. Dirisha B lina 6 mara 4, 7 mara 8, 8 mara 4, kisha 30, 31, 33 na 34. Jumla ya kila dirisha ni dakika 240, kwa hiyo wastani wa yote mawili ni 12. Chora nguzo za wastani, na utaona nguzo mbili zenye urefu uleule. Msomaji ataondoka akiamini kwamba madirisha hayo ni sawa. Lakini kwenye B hakuna hata mtu mmoja aliyesubiri dakika 12! Watu 16 walihudumiwa haraka, na 4 walikaa nusu saa au zaidi.

Kabla ya kuchora wastani wowote, andika `=MEDIAN(B2:B21)` kando yake ili uone thamani ya katikati. Hapa B inatoa 7, ilhali wastani wake ni 12. Tofauti kubwa namna hiyo ni ishara kwamba data imeegemea upande mmoja na kwamba unahitaji histogramu, yaani chati ya nguzo inayoonyesha ni thamani ngapi zimeangukia kila kundi. Hata hivyo, usifikiri kwamba zikilingana basi umesalimika. Data yenye vilima viwili vinavyofanana inaweza kutoa wastani na thamani ya katikati zilizo sawa kabisa.

Histogramu naitengeneza kwa fomula, kwa sababu hivyo naona kila hatua ya kuhesabu. Weka data ya A kwenye A2:A21 na ya B kwenye B2:B21. Kwenye D2:D8 andika mipaka ya juu ya makundi: 5, 10, 15, 20, 25, 30, 35. Kwenye E2:E8 andika majina yake kwa maneno, kama "6 hadi 10". Hatua ya majina usiiruke, maana ukiacha namba tupu programu inaweza kuzichukua kama data nyingine na kuzichorea nguzo zake. Kisha chagua F2:F9, andika fomula ya kwanza hapa chini na umalize kwa Ctrl+Shift+Enter. Fanya vivyo hivyo kwa G2:G9 na fomula ya pili.

```
=FREQUENCY(A2:A21;D2:D8)
=FREQUENCY(B2:B21;D2:D8)
```

Mipaka ni saba lakini seli za majibu ni nane, kwa kuwa ile ya mwisho huhesabu kila kilichozidi 35. Ikiwa jibu lake si sifuri, mipaka yako haitoshi. Kumbuka pia kwamba thamani iliyo sawa na mpaka huhesabiwa ndani ya kundi la mpaka huo: 30 inaingia "26 hadi 30". Kwa mfano wetu, A inatoa 2 kwenye kundi la 10 na 18 kwenye kundi la 15. B inatoa 16 kwenye kundi la 10, sifuri tatu mfululizo, kisha 1 na 3. Zile sifuri tatu ndizo habari yenyewe, kwa hiyo usizifute ili kubana nafasi.

Chora Column kwa kila dirisha, chati moja juu na nyingine chini yake. Ukizichanganya nguzo za A na B katika chati moja, jicho litalinganisha majirani na kupoteza umbo zima. Fungua mhimili wa wima, kichupo cha Scale, ondoa Automatic, kisha weka Minimum 0 na Maximum 20 kwenye chati zote mbili. Usipofanya hivyo kila chati itajipimia kivyake. Halafu kwenye Format Data Series, kichupo cha Options, shusha Spacing hadi 0% ili nguzo zigusane, kwani makundi haya yanafuatana bila mwanya.

Upana wa kundi nao unaweza kudanganya. Kwa makundi ya dakika 20, B itakuwa 16 na 4, nawe hutajua kama wale wanne walisubiri 21 au 40. Kwa dakika moja moja, utapata meno ya kitana, na msomaji atahangaika na vijipengo visivyo na maana. Mimi hujaribu angalau pana tatu. Umbo linalobaki katika zote ndilo ninaloliamini.

Kwa swali la mabadiliko, Line inafaa sana, mradi tarehe ziwe tarehe kweli. Zikiwa maandishi, vipimo vya tarehe 1, 2, 3 na 20 vitapangwa kwa nafasi sawa, na ongezeko la siku 17 litaonekana kama mruko wa siku moja. Utazitambua kwa kuwa huegemea kushoto mwa seli ikiwa hujagusa mpangilio wake. Dawa ni Data > Text to Columns, ukiweka aina ya safu kuwa Date.

Swali la uhusiano, kwa mfano urefu wa foleni na dakika za kusubiri, linahitaji XY (Scatter). Ukitumia Line kwa kazi hii, mhimili wa chini utafuata mpangilio wa mistari ya jedwali badala ya ukubwa wa thamani. Ukiona unasoma 1, 2, 3 ambapo ulitarajia idadi ya watu, umechagua vibaya.

Mgawanyo ndio pekee ninapoikubali Pie, na hapo ni vipande viwili au vitatu vinavyojumlisha kitu kimoja kizima. Utafiti wa wanatakwimu Cleveland na McGill wa 1984 ulionyesha kwamba watu husoma mahali kwenye kipimo cha pamoja kwa usahihi zaidi kuliko pembe. Kwa hiyo vipande vya 23% na 26% huonekana pacha kwenye duara, lakini kwenye Bar tofauti yao inaonekana mara moja. Na wastani wa madirisha mawili usiuweke kwenye duara kamwe: 12 na 12 zitakupa nusu kwa nusu ya 24, namba ambayo haipimi chochote.