Uzoefu wangu: kutafuta stripu za Accu-Chek Active ya mama kwa picha ya simu

Mashine ya kupimia sukari anayotumia mama ilikuwa ya marehemu baba mdogo. Ilimfikia bila boksi wala karatasi ya maelekezo, ikiwa na kopo moja la stripu lililokaribia kuisha. Zilipoisha akanipigia kutoka Korogwe: "Mwanangu, huku nimezikosa, nitafutie huko Dar." Nikamwomba mtoto wa kaka yangu, anayeishi na bibi yake, anipigie picha ya mashine anitumie kwa WhatsApp.

Picha ilikuja, lakini flashi ilikuwa imeunguza katikati yote. Nilichoweza kusoma ni ACCU-CHEK, basi. Nikaona inatosha. Nikaingia duka la dawa la karibu, nikaomba stripu za Accu-Chek, nikapewa zilizokuwepo rafuni, Accu-Chek Instant, kopo la 50. Jioni nikazipakia kwenye basi.

Asubuhi yake kijana akapiga: "Shangazi, mashine haiwaki." Kwa kawaida ukichomeka stripu mashine inajiwasha yenyewe. Alijaribu mara tatu, akabadilisha na betri, kioo kikabaki kitupu. Bibi yake amekaa pembeni, kidole kimeshatobolewa, damu inamkaukia. Na kopo likishafunguliwa hakuna duka linalolirudisha. Ile hela ilipotea hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Accu-Chek ni jina la ukoo tu. Ndani yake kuna Active, Performa, Instant, Guide, na kila moja ina stripu zake. Jina la ukoo limeandikwa kwa herufi kubwa, lile la mashine yenyewe ni dogo, na hilo dogo ndilo la kununulia.

Tena hizi hazitofautiani kwa jina peke yake. Active inasoma rangi. Tone la damu linaangukia kwenye kitambaa kidogo katikati ya stripu, dawa iliyomo inabadilika rangi kulingana na sukari, na mashine inaimulika kwa taa ndogo iliyo ndani na kupima ile rangi. Performa na Instant zinapima umeme. Stripu yake ina ncha yenye njia za madini inayoingia kwenye mashine, na damu inafyonzwa kutoka ukingoni. Kuchomeka stripu ya umeme kwenye mashine inayosoma mwanga ni kazi bure, hata ukibadilisha betri mara kumi.

Safari ya pili nilimwomba kijana picha nne, na nikamwambia azime flashi, asogee dirishani. Ya kwanza ni uso wa mashine, karibu kabisa, mpaka maandishi madogo yasomeke. Ya pili ni kibandiko cha mgongoni. Ya tatu ni mdomo wa mashine, pale stripu inapoingia, pamoja na ubavu wake. Ya nne ni kopo la zamani la stripu, hata kama ni tupu. Bahati nzuri mama hatupi kitu. Kopo lilikuwa limewekewa vifungo vya nguo.

Hiyo ya nne ndiyo iliyomaliza kazi. Kwenye kopo limeandikwa jina kamili, Accu-Chek Active, na hapo hakuna cha kubahatisha. Ile ya ubavuni nayo ilionyesha kitu ambacho sikukijua maana yake: kichipu kidogo cha plastiki kimechomekwa pembeni.

Nikaenda duka lingine, mbali kidogo. Dada mfamasia aliichukua simu yangu, akaikuza picha ya ubavuni kwa vidole viwili, akauliza, "Dada, hiki kichipu kinatoka?" Nikampigia kijana papo hapo, akakivuta, kikatoka. Mfamasia akasema hii ni Active ya zamani, ambayo kila boksi la stripu lina kichipu chake cha kuipa mashine namba ya stripu hizo. Akafungua boksi mbele yangu kuhakikisha kichipu kimo, kisha akanionyesha namba iliyochapwa kwenye kopo. "Atoe cha zamani, aweke hiki. Akiwasha, namba itakayotokea kwenye kioo ilingane na hii ya kwenye kopo. Isipolingana asimpime bibi." Nilipenda kwamba hakugusa pesa yangu kabla ya kuona picha ya kopo.

Stripu zilipofika nilibaki kwenye simu ya video wakati kijana anamsaidia bibi yake. Nilimwambia aigeuze stripu kabla ya kuitumia. Mgongoni ina kidirisha cha mviringo. Stripu ambayo haijatumika, rangi ya kidirisha hicho inatakiwa ifanane na ile iliyochorwa kwenye kibandiko cha kopo kwa ajili ya stripu mpya. Ikiwa imeshabadilika, stripu imeharibika, iweke pembeni. Baada ya damu kuingia kidirisha kinageuka bluu, na unaweza kukilinganisha na madoa ya rangi kwenye kopo, kila doa na namba yake. Kwa mtu kama mimi, niliyekwishanunua vibaya, hili ni jambo kubwa. Kioo kilisema 8.6 na doa lililokaribiana na stripu lilikuwa la maeneo hayo hayo. Macho hayawezi kukupa namba kamili, lakini yangeonyesha kama kioo kinasema kitu cha mbali kabisa.

Siku ya kliniki mama alijipima nyumbani, kisha damu ikachukuliwa maabara muda mfupi baadaye. Mashine 8.6, maabara 9.1. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kwa mashine hizi kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 kwa sukari ya kuanzia 5.55 mmol/L, kwa hiyo tofauti ya 0.5 haikunitia wasiwasi.

Jambo lingine ni usafiri. Stripu hizi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 30, na kopo la kwanza nililipeleka juu ya dashibodi ya basi, jua lote la njiani likilipiga. Sasa kondakta anaweka mzigo chini ya kiti chake, na kopo haliachwi wazi hata dakika, maana kifuniko chenyewe ndicho chenye dawa ya kukausha unyevu. Kuhamishia stripu kwenye kopo jingine ni kuziua.

Jirani yangu, baada ya kumsimulia, alikwenda kuangalia mashine yake ya OneTouch. Ilikuwa OneTouch Select, na mwanawe alikuwa ameagizwa alete za OneTouch Select Plus. Neno moja tu limezidi, lakini stripu hizo haziingiliani. Walimpigia akiwa bado foleni.

Kwa mashine yenyewe, nimeridhika nayo. Namba zake ni kubwa mama anazisoma bila miwani, jibu linatoka ndani ya sekunde chache, na kile kidirisha cha mgongoni kinanipa amani nikiwa mbali. Usumbufu wake kwetu ni kichipu: kila boksi jipya kijana lazima anitumie picha mbili, kioo kikionyesha namba ya kichipu na kopo likionyesha namba yake, ndipo namwambia ampime. Zile za Instant bado ninazo 47. Nimeuliza msikitini na kazini kama kuna mwenye mashine ya Accu-Chek Instant, na mwenzangu mmoja wa ofisini ameahidi kunitumia picha ya mashine ya baba yake. Nimemwambia apige na kopo.